"Hatujambo, ila..."

Wiki iliyopita simu iliita saa kumi alfajiri. Hapa Hamburg bado giza, lakini kwetu Mbinga ilishatimia saa kumi na mbili, na shangazi alikuwa amepanda hadi kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao unaposhika. Akabipu mara moja. Nikampigia.

"Haloo! Haloo! Unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi. Shikamoo!"

Kimya. Sekunde mbili, tatu, ndipo "marahaba" ikafika. "Mbona najisikia mwenyewe?" Nilikuwa nimeweka spika, sauti yake ikitoka inaingia tena kwenye maiki na kumrudia. Nikaizima, nikaibana simu sikioni, mwangwi ukaisha. Kuchelewa hakukuisha, kwa hiyo nikimaliza kusema nasubiri. Tukisema kwa pamoja hakuna anayesikia, halafu wote tunanyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Huko hamjambo?"

"Hatujambo, ila..."

Ikakata.

Kwetu mtu haanzi na shida. Hata kama kuna mgonjwa amelala ndani, utaambiwa kwanza hatujambo, kisha ndiyo ije hiyo "ila". Babu alipozidiwa, mimi nilisikia "hatujambo" tu, laini ikafa, nikaridhika nikaenda zangu kazini. Maneno yaliyobaki nikayapata jioni, kwa ujumbe. Tangu siku hiyo simu ikikatika hapo sirudi kulala.

Mara nne nikaambiwa hapatikani. Ya tano ikaingia, na sikuanza salamu upya, maana salamu zinaweza kumaliza dakika yote ambayo mtandao umetulia.

"Shangazi, umesema hamjambo, ila nini? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, mwanangu. Mvua zimeanza. Mbolea."

Nikashusha pumzi. "Ya kupandia au ya kukuzia?"

"Ya kupandia. Mfuko mmoja. Elfu ...ini."

Hapo ndipo penye mtego. Sitini, sabini, themanini, tisini: mtandao ukimeza kichwa cha neno, mkia ni ule ule. Mwaka juzi nilisikia sitini, nikatuma sitini, kumbe ni sabini. Akatembea hadi dukani na kurudi mikono mitupu, mvua inanyesha, mbegu ziko ndani ya debe. Kumwambia "rudia" hakusaidii, atarudia kwa sauti kubwa zaidi na neno litamezwa pale pale. Siku hizi namwomba ahesabu noti nyekundu za elfu kumi.

"Wekundu wangapi, shangazi? Nihesabie polepole."

"Mmoja. Wawili. Watatu..." Wa tano sikumsikia, ila wa sita nilimpata, na wa saba, kisha akanyamaza.

"Wekundu saba, mfuko mmoja, mbolea ya kupandia. Ndiyo?"

Nikasubiri. Upepo unavuma kwenye simu, jogoo anawika.

"Ndiyo hivyo. Na ya kutolea, mwanangu."