"Samahani, puuza hiyo"

Juzi dada mmoja, mteja wangu, aliniandikia Watsapu: "Niwekee mchele kilo 25, kijana anapitia saa kumi." Punde ikaingia "kkjhhmm ooo00", kisha "Samahani kaka, puuza hiyo." Nikajibu "Sawa dada", nikaurudisha mchele kwenye rafu. Saa kumi kijana huyo mlangoni! Kumbe mtoto ndiye alichezea simu. Oda ilikuwa palepale.

"Sawa" yangu ndiyo iliyoniponza. Siku hizi naibana ile meseji ya herufi tupu, nabonyeza jibu, naandika: "Haina neno, nimepuuza hii. Mchele kilo 25 uko palepale, eti?" Ikiwa hakuna oda iliyotangulia, dole gumba tu linatosha. Kumuuliza mtu "ulitaka kusema nini?" ni kumwaibisha bure.