Tangazo la kutuma pesa lililokwama kwenye jina la mama

Niliandika skripti ya tangazo la redio la sekunde 30 kwa kampuni ya kutuma pesa, kwa ajili ya Watanzania walioko Uingereza. Mstari mkuu ulikuwa: “Chagua mama, weka kiasi, tuma.” Ulisikika vizuri, lakini wateja wapya wakaanza kulalamika kuwa pesa zimezuiwa njiani.

Nilipoketi na dada wa huduma kwa wateja tukaona sababu. Kwenye nafasi ya jina la mpokeaji, watu waliandika “Mama Salma”. Mtaani ndivyo anavyoitwa, lakini laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA, na majina yasipolingana muamala unaweza kusimamishwa. Wengine walikuwa wakitumia laini ya mjukuu, na hapo linatakiwa jina la mjukuu.

Nikaweka mazungumzo ya simu badala ya ule mstari:

“Shikamoo mama. Laini yako imesajiliwa kwa jina gani?”
“Marahaba mwanangu. Ngoja nichukue kitambulisho nikusomee.”

Yaliongeza sekunde sita, nikakata muziki wa mwanzo. Malalamiko ya majina yakapungua. Yamebaki ya namba za simu zilizokosewa tarakimu, na hayo tunayashughulikia kwenye programu yenyewe.