Kutoka Kabale hadi Kisoro kwa Joto la Viti

Tuliondoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, saa kumi na moja alfajiri, mimi na baba mdogo, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili alikipata kambini na hadi leo hupenda kukizungumza nami. Kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 11. Usiku umeme ulikatika katika nyumba ya wageni tuliyolala, kwa hiyo gari tuliloliacha likichajiwa tulilikuta na asilimia 62 tu, ilhali mbele yetu kulikuwa na kilomita zipatazo 80 za milima, bila mahali pa kuchaji nilipopafahamu njiani.

Gari langu ni dogo, la umeme, lililotumika Japani kabla ya kufika Kampala, na betri yake iliyochakaa kiasi hubeba takriban kilowati-saa 24. Asilimia 62 ilikuwa sawa na kilowati-saa 15 hivi. Kwa uzoefu wangu njia ile ingekula 12, na hapo bado sijahesabu hita.

Baba mdogo alipoketi alijikunyata, akasema, "Mwanangu, washa joto, mifupa yangu si ya ujana tena." Niliiwasha ili tuone sote. Skrini ya matumizi ya umeme ilipanda hadi kilowati 4, na najua kwamba hata gari likishapata joto, hita hiyo huendelea kuvuta kama kilowati moja na nusu. Gari la petroli hupasha abiria kwa joto ambalo injini ingelitupa hata hivyo. Mota ya umeme haitoi joto la kutosha kugawa, kwa hiyo kila joto hutoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba hita hula kwa saa, wala si kwa kilomita. Katika barabara ya Kisoro, yenye kona zisizokwisha, wastani wangu ni kilomita 40 kwa saa, maana yake ni safari ya saa mbili, na saa mbili za hita ni kilowati-saa 3 au zaidi. Kiasi hicho kinazidi nguvu inayohitajika kulipandisha gari kama langu mlima wa mita 500. Kumi na mbili ukijumlisha tatu unapata kumi na tano: tungefika Kisoro betri ikiwa tupu, au tusingefika.

Nikazima hita, nikabonyeza vitufe vya joto la viti vyote viwili. Kila kiti huvuta kama wati 50 au 60, hivyo kwa saa mbili viti viwili havifikishi hata robo ya kilowati-saa. Tofauti hiyo kubwa hutokana na kazi yenyewe: hita hupasha hewa, vioo na bati, na hewa hiyo hutolewa nje kila inapoingia mpya, ilhali kiti hupasha mgongo na mapaja yanayokigusa. Baada ya dakika tatu hivi baba mdogo alilegeza mabega. Miguu na mikono ndiyo iliyobaki baridi, maana kiti hakiifikii, nikamfunika magoti kwa blanketi. Nilimwomba pia ashushe joto la kiti hadi ngazi ya chini atakapoona limetosha, kwa kuwa ngozi ya mzee inaweza kuungua polepole bila yeye kuhisi.

Shida ilikuja baada ya Muko, tulipokuwa tukipanda kuelekea msitu wa Echuya. Kioo cha mbele kilififia. Niliwasha waipa na hali haikubadilika, nikajua kwamba unyevu uko ndani: ni pumzi zetu, zikigeuka matone kwenye kioo kilichobaki baridi kwa sababu hita imezimwa. Hapo sikubana matumizi, kwa maana dereva asiyeona katika kona zile anahatarisha maisha. Niliacha hewa ya nje iingie badala ya kuzungusha ya ndani, nikawasha hita na kiyoyozi kuelekea kioo kwa dakika kumi, kwani kiyoyozi hukausha hewa. Gharama yake ilikuwa nusu kilowati-saa, kama asilimia mbili za betri. Baadaye feni peke yake, ikivuta hewa ya nje, ilitosha.

Tulipofika mwanya wa Kanaba jua lilikuwa limeanza kuugusa mlima Muhabura. Betri ilisoma asilimia 15, na mteremko wa upande ule ulirudisha umeme kidogo mota ilipogeuka breki. Tuliingia Kisoro na asilimia 9. Baba mdogo alisema tungojee kidogo kabla ya kushuka, mgongo wake bado unafaidi kiti. Nilimwachia kikiwaka huku nikienda kutafuta soketi.