Ngome kwa farasi, na ile safu ya a

Jana mpwa wangu alikuwa anahesabu thamani ya kete za sataranji kwa vidole. Ngome tano, farasi tatu, askari moja. Akaniuliza, "Sasa mjomba, mtu anatoaje ngome achukue farasi? Si amepoteza mbili?" Nikamwambia alete ubao. Kuna mchezo ambao bado ninaukumbuka hatua kwa hatua.

Nilikuwa na weusi, ufunguzi wa Sisilia. Mfalme wa mpinzani g1, malkia f3, askofu e3, farasi d4 na c3, ngome a1 na f1. Askofu wake mwingine nilikuwa nimemla pale b3, naye akalipiza kwa askari wa a, kwa hiyo alikuwa na askari wawili juu ya safu moja, b2 na b3. Mimi nilikuwa na ngome c8 na f8, askofu b7 na e7, farasi f6, malkia d8, na askari a6, b6, d6 na e6.

Nilifikiri kama dakika kumi na tano. Malkia wake hakuweza kurudisha pale c3, maana askofu wake mwenyewe wa e3 alimzibia njia. Lazima ale kwa askari wa b2. Basi nikacheza ...Rxc3, bxc3, ...Nxe4: ngome yangu ikala farasi, askari wake akala ngome, farasi wangu akala askari wa e4. Nimetoa tano, nimepata farasi na askari, jumla nne. Juu ya hapo, askari wake wa c2 na c3 wamepangana bila jirani wa kuwalinda, na farasi wangu amekaa katikati ya ubao, nyuma yake askofu wa b7 anayemtazama malkia. Malkia ikabidi akimbie. Mpaka hapo fidia ilitosha, na leo ningetoa tena.

Nikapeleka malkia c8. Hatua hiyo naipenda mpaka leo: pale analinda e6, anamsaidia askofu kulinda a6, na anamkodolea macho askari wa c3. Mpinzani akajibanza, farasi e2 na malkia d3 wote wakilinda c3. Kisha akaleta ngome zake zote mbili safu ya a, moja a3, nyingine a1. Mimi nikamsogeza malkia kidogo, nikapitisha ngome yangu mpaka a8, kisha nikamrudisha malkia c8.

Kosa ndilo hili. Nilichoka kulinda a6, nikasukuma ...a5. Akajibu b4 papo hapo. Nikala, tukabadilishana ngome pale a8, nikarudisha kwa askofu, naye akala b4 kwa askari wa c3. Angalia kilichotokea kwa mkupuo mmoja: askari wake wabovu wametengana, c3 niliyokuwa ninaiwinda haipo, ngome yangu ya mwisho imetoka ubaoni, na safu nzima ya a ni yake. Nikacheza ...h6, kumpa mfalme hewa. Ngome yake ikapanda a7.

Bado naiona kete ile ikitua. Mbele yake yuko askofu wangu wa a8, na mkono wa kulia yuko askofu wa e7 asiye na mlinzi. Nikamwondoa wa e7, lakini ngome ilibaki ndani ya nyumba yangu, na sikuwa na kete ya kuizuia. Nilijitetea muda mrefu, nikashindwa.

Nilipomaliza kumpangia mpwa wangu, nilimwonyesha jambo moja tu. Ngome inalipwa kwa njia zilizo wazi. Ukiitoa, tazama mpinzani ana safu ngapi wazi za kupitisha zile zake mbili, na ngome yako iliyobaki usiibadilishe ovyo, maana ndiyo mlinzi wa njia hizo. Mchezaji mkubwa Petrosian alipompa mpinzani wake Reshevsky ngome pale e6, mashindano ya Zurich 1953, lengo lilikuwa kumfikisha farasi d5 awazuie askari weupe wa katikati wasisogee. Mchezo uliisha sare. Mimi nilikuwa na farasi mzuri vilevile, ila safu ya a nilimfungulia mwenyewe.

Ningebaki na a6, b4 ningeijibu kwa ...b5. Safu inazibwa, na c4 inakuwa kiti cha farasi wangu.

"Lakini tangu mwanzo safu ya a ilikuwa yake," mpwa akasema. "Askari wake wa a alishatoka. Hukuiona kabla ya kutoa ngome?"

Niliiona. Niliipima dhidi ya e4 na c3 nikaamua a6 itahimili, na bado nadhani ingehimili. Yeye hajakubali. Amerudisha askari a6, amecheza ...b5, na sasa anazungusha weupe akitafuta pa kuingilia.