Kizibo chekundu kilichomaliza ubishi wa miwani

Ushauri unaoniudhi kuliko wote kliniki ya macho ni "kabadilishe miwani". Mlinzi mmoja wa usiku, miaka 54, alishaufuata mara mbili kabla hajanifikia. Pakiti moja ya sigara kwa siku tangu ujana, pombe kali jioni, na chakula chake zaidi ni chai na maandazi.

Kila jicho lilisoma 6/36, yaani herufi ambayo jicho lenye afya huisoma kutoka mita 36, yeye aliisoma kutoka mita 6. Nikamwekea kadi yenye tundu dogo. Kasoro ikiwa ya miwani, tundu hunoa picha, na mtu husoma mistari miwili mitatu zaidi. Yeye hakupanda hata mmoja, kwa hiyo miwani ya tatu ingekuwa hasara tu.

Nikatafuta mtoto wa jicho, maana humwahi mvutaji: kemikali za moshi hufika kwenye lenzi kupitia damu, kiini chake kikageuka manjano, kisha kahawia. Lenzi ilikuwa safi. Kitovu cha retina nacho huchakaa zaidi kwa wavutaji wenye umri mkubwa, na mistari iliyonyooka huanza kuonekana imepinda. Kwenye karatasi ya mirabaraba mistari yake haikupinda, ila katikati ilififia.

Hapo nikachukua kizibo chekundu cha dawa ya kupanua mboni. Nikamfunika jicho moja, nikamwambia akazie pua yangu, nikakishika kizibo mbele yake.

"Rangi gani, mzee wangu?"

"Kahawia hivi, daktari."

Nikakisogeza pembeni taratibu. "Ee, sasa chekundu!"

Jicho lenye afya hufanya kinyume, wekundu hukolea katikati. Jicho la pili likajibu vilevile. Tatizo linalokuja polepole, bila maumivu, macho yote mawili, rangi zikitangulia kufifia, hunifanya niishuku neva ya jicho. Nyuzi zake zinazobeba picha ya katikati ni nyembamba na zinahitaji nishati nyingi. Sumu ya sainidi iliyomo kwenye moshi wa tumbaku inapokutana na upungufu wa vitamini B12 na folati, ndizo zinazoumia kwanza.

Sikuilaumu sigara kabla ya kuuliza mawili: amewahi kutumia ethambutoli ya kifua kikuu? Je, uoni ulizimika ghafla baada ya kunywa, kama inavyofanya methanoli, sumu ya pombe chafu? Yote hapana. Kipimo cha damu kikaonyesha B12 iko chini.

Akaacha sigara na pombe, akachomwa sindano za B12, folati ikafuata. Folati peke yake sikumpa, maana inaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Baada ya miezi minne alisoma 6/12.

Nilimpima hivyohivyo mgonjwa mwingine aliyechelewa miaka kadhaa. Kichwa cha neva, upande wa sikio, kilikuwa kimeshapauka kama chokaa. Aliacha sigara, akamaliza sindano zote, na namba zake zikabaki palepale.