Mwanga chini ya mlango

Leo asubuhi nimetambua kosa nililolifanya tangu nianze kutengeneza chumba changu cha kufanyia mazoezi ya fidla.

Nilibandika trei za mayai na sponji nyembamba kwenye kuta zote, nikiamini zitazuia sauti, huku jirani yangu mwenye mtoto mchanga akiendelea kusikia kila noti. Vitu hivyo ni vyepesi mno: hufifisha sauti nyembamba ndani ya chumba, lakini haviizuii kutoka nje.

Leo nilizima taa, rafiki yangu akamulika tochi kutoka ukumbini.

Mstari wa mwanga ukaonekana chini ya mlango, upana wa kidole, kutoka fremu hadi fremu. Niliutazama kwa muda mrefu, kwa kuwa panapopita hewa, sauti nayo hupita.

Tumepigilia ubao mzito kwenye mlango, tukazungushia fremu mpira na kuweka kizingiti. Jirani anasema sasa fidla inasikika kwa mbali sana.

Baada ya kubandua trei nilipiga kofi, nikasikia mlio ukirukaruka kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Kwenye ukuta mmoja tumeweka fremu za mbao zilizojazwa sufi, unene wa sentimita 10, zikafunikwa kanga na kuachwa mbali kidogo na ukuta. Mlio ule umekwisha, na fidla bado ina uhai.

Limebaki joto, kwani chumba hakipumui tena.

Ndugu zangu, ninyi mmepitishaje hewa bila kuitoa sauti?