Ahadi Iliyopita Mwaka, na Namna Paulo Alivyoikumbusha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii daftari la mhazini limeninyima usingizi. Kwenye kikao cha wazee mmoja wetu alitaka majina ya waliochelewesha zaka na ahadi za ujenzi yasomwe wakati wa matangazo, au yarushwe kwenye kundi la wasapu. Hakusema kwa ubaya. Fundi anadai na mabati bado yako dukani. Kikao kilikataa, mimi nikaachiwa kuandika ukumbusho. Nimekimbilia kwa Wakorintho.

Ule mstari wa moyo wa ukunjufu tunaukariri kila Jumapili sadaka ikipita, na ni rahisi kusahau kwamba waliouandikiwa walikuwa wamechelewa. Walikubali kuwachangia watakatifu wa Yerusalemu, wakaanza vizuri, mwaka ukapita na mchango haujakamilika. Na Paulo alikuwa ameshawasifu kwa Wamakedonia! Sasa fungueni 2 Wakorintho 8 na 9 mwone anavyofanya. Hataji jina la mtu wala kiasi. Anawakumbusha kile walichokwisha kufanya, kwamba wao ndio waliotangulia kutaka, kisha anawaomba wamalize. Halafu anamtuma Tito na ndugu wengine wawili watangulie, mchango uwe tayari kabla yeye hajafika na Wamakedonia, wasije wakaaibika mbele ya wageni. Yaani aliwatuma watu mapema ili kuwaepusha na aibu. Sisi tulikuwa karibu kutumia aibu yenyewe kama fimbo.

Katikati ya hayo kuna 8:12: "kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Hapa nimekaa sana, kwa sababu nazijua bahasha zetu. Wengi wetu tunakula kwa dagaa. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na nyumba nzima inasubiri giza. Fikirini mama wa Igombe aliyenunua dagaa wabichi kwa mtaji wa 100,000, akawaanika, mvua ikawakuta mchangani. Wameharibika rangi, wamenunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, amerudi na 60,000. Mama huyu anakaa kiti cha nyuma akijiona mwizi wa zaka. Mama, Kumbukumbu 14:22 inadai zaka ya maongeo, na wewe mwezi huo hukuongeza kitu, ulipoteza 40,000. Huna deni la zaka. Giza likija, ukanunua tena kwa 100,000 ukauza kwa 130,000, maongeo ni 30,000 na zaka yako ni 3,000. Ilete hiyo, uje ukae mbele.

Ahadi ya ujenzi ni jambo lingine, kwani hiyo tuliitamka wenyewe wala haipimwi kwa faida. Aliyeahidi 200,000 na hali ikabadilika, tafadhali asiache kuja ibadani kwa sababu hiyo. Aseme na mhazini au mchungaji, wapange upya. 10,000 kila giza ni ahadi inayotembea. Na Paulo alishawapa watu hawahawa njia ya kuzuia malimbikizo: kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kwetu ina maana kutenga siku ileile hela ya soko la Mwaloni inapoingia mkononi, kabla haijapita kwa mwenye nyumba na ada za watoto.

Kuna dada aliniuliza kama zaka iliyochelewa inaongezwa sehemu ya tano, amesikia hivyo mahali. Someni Walawi 27:31 taratibu. Pale anatajwa mtu anayetaka kuikomboa zaka yake ya mazao: gunia ni la Bwana, yeye anataka kubaki nalo alete hela. Gunia likiwa la 60,000, ataleta 72,000. Hakuna neno la kuchelewa pale. Msitozane faini ambayo Mungu hakuiandika.

Lakini wenye nacho na mnaoahirisha tu, nanyi mnajijua: duka limejaa, pikipiki ya pili imenunuliwa, na bahasha bado iko kwenye droo. Siwataji na sitawataja. Neno lenu ni lile la 8:11, timizeni.

Kuanzia Jumapili hii bahasha zitakuwa na namba tu. Namba na jina la mwenye nayo vitajulikana kwa mhazini peke yake, na fedha zitahesabiwa na watu watatu, maana hata Paulo hakukubali kuibeba karama ile peke yake, mtu asije akamlaumu. Anayetaka kupanga upya ahadi yake, mhazini atakuwa ofisini Jumatano baada ya maombi, na mlango utafungwa mkiongea.